Mkataba wa miezi 6 ulioanza 31 Agosti unaisha lini?

Mtoto wa Kariakoo: Mkataba wangu wa ajira unasema "miezi 6 kuanzia 31 Agosti 2024". Mfumo wa ofisi ulinionyesha mwisho ni 3 Machi 2025. Nimefanya kazi mpaka tarehe hiyo, halafu afisa utumishi ananiambia mkataba uliisha 28 Februari, kwa hiyo siku 3 hazilipwi. Haki iko wapi?

Baba Zaituni: Mwezi ni siku 30, basi. Mara 6 ni 180. Wanakuibia mchana kweupe.

Kalamu Nyekundu: Mzee, umehesabu kweli? Siku 180 kuanzia 31 Agosti zinaisha 26 Februari. Umemtetea kijana kwa kumpunguzia siku mbili.

Baba Zaituni: Mimi nimepangisha nyumba miaka mingi, sihitaji kufundishwa hesabu na mtu wa juzi.

Fundi Mifumo: Hiyo 3 Machi naijua. Miezi 6 mbele ya 31 Agosti ni "31 Februari", tarehe isiyokuwepo. PHP, lugha ya programu ambayo huenda mfumo wenu umeandikwa nayo, haisimami hapo. Inachukua siku 3 zilizozidi na kuzimwagia Machi:

```
echo date('Y-m-d', strtotime('2024-08-31 +6 months'));
// 2025-03-03
```

Hifadhidata ya PostgreSQL, na fomula ya EDATE ya Excel inayoongeza miezi, zinarudi kwenye siku ya mwisho ya Februari, yaani 28. Aliyetengeneza mfumo wenu hakupima tarehe 31. Wahasibu nao hubofya EDATE bila kujua inafanya nini.

Mhasibu wa Tanga: Ebo! Sisi tumeingiaje? EDATE ndiyo iliyotoa tarehe sahihi, na mfumo ulioharibu umetoka kwa wenzako. Omba radhi kwanza.

Fundi Mifumo: Sahihi mara moja, sawa. Umewahi kuburuta fomula hiyo kwenye ratiba ya marejesho? Mkopo wa 31 Januari, kila mstari unaongeza mwezi mmoja juu ya mstari uliotangulia. Unapata 28 Februari, kisha 28 Machi, 28 Aprili. Ile 31 haitarudi tena. Dawa yake ni kila mstari kuhesabu kutoka tarehe ya mwanzo: ya kwanza ongeza 1, ya pili ongeza 2. Hapo Machi inarudi 31.

Mhasibu wa Tanga: Natumia EOMONTH, ile inayotoa siku ya mwisho ya mwezi, kijana. Na bado sijaona radhi.

Mama Ntilie: Samahani wakubwa, mimi nimelipa kodi ya fremu tarehe 30 Novemba, miezi mitatu. Mwenye fremu alikuja 28 Februari asubuhi anataka nyingine. Alikuwa na haki?

Baba Zaituni: Alikuwa na haki. Mpangaji hulipa mapema.

Kalamu Nyekundu: Iko kesi ya Uingereza, Dodds na Walker, iliyofika Baraza la Malodi 1981. Mpangaji alipewa notisi 30 Septemba 1978, na alikuwa na miezi 4 ya kwenda mahakamani. Akaenda 31 Januari 1979, akisema Septemba iliisha 30, basi na mwezi wa mwisho uishe mwishoni kabisa. Akashindwa kwa siku moja. Unatafuta tarehe yenye namba ileile, kwake 30 Januari. Ikikosekana, kama Februari, unachukua siku ya mwisho ya mwezi. Kwa njia hiyo wewe kijana ni 28 Februari.

Mtoto wa Kariakoo: Kwa hiyo nimepoteza?

Kalamu Nyekundu: Tarehe umepoteza. Siku 3 ulizofanya kazi huku wakikuona ni madai mengine. Chapisha ile skrini kabla hawajairekebisha.

Sauti ya Pwani: Ila kesi ile ni ya notisi, na siku ya notisi yenyewe haihesabiwi. Mkataba "kuanzia 31 Agosti" siku hiyo tayari yuko kazini. Aliyeanza 28 Agosti anaisha 27 Februari, siku moja kabla. Kwa nini huyu aishe 28?

Kalamu Nyekundu: Hapo unaweza kubishana. Ukitoa siku moja kwa kila mtu, walioanza 28, 29, 30 na 31 Agosti wote wanatoka 27 Februari. Mimi ningesimama na 28, lakini nimeona wanasheria wazuri wakisema 27.

Mwana Mvita: Na huyo wa siku 30 hajawahi kufunga Ramadhani ya 29?

Baba Zaituni: Mwezi wa kuandama na wa kalenda ni vitu viwili! Usilete dini hapa.

Mwana Mvita: Mjane anakaa eda miezi 4 na siku 10. Mumewe akifa katikati ya mwezi, unahesabuje?

Sauti ya Pwani: Mlioko Mombasa mlianza kufunga lini mwaka huu, na sisi au siku moja nyuma?

Mhasibu wa Tanga: Radhi yangu iko wapi?