CHUMBA CHA BIBI 🏠 (ujenzi tu, utani kule kwingine)

Da Zai 07:12
Asalaam aleykum familia. Jana usiku nimekaa na laptopu nimetengeneza chati ya pau ya chumba cha bibi na choo chake, kila fundi na mstari wake, kiboksi kimoja ni wiki moja. Simu ya bibi haifungui picha kwahiyo nimeichapa hapa

```
Msingi+jamvi  ■□□□□□
Ukuta+linta   □■■□□□
Paa           □□□■□□
Lipu          □□□□■□
Bomba         □□□□□■
Umeme         □□□□□■
```

Tuanze tarehe 2 tumalize kabla ya masika, maana lori likikwama pale bondeni mchanga tutabeba kwa ndoo. Kila mtu aseme neno

Da Zai 09:40
Watu 14 mmesoma. Kumi na nne!!

Abuu 09:52
Da Zai pau si zinakuja na kenchi? mbona umeziweka tangu msingi 😂

Da Zai 09:53
Abuu pau za chati

Abuu 09:53
sawa ila ni mbili kwa mbili au mbili kwa tatu

Mama Nasri 09:55
😂😂😂

Mjomba Kombo 10:05
Kazi nzuri mpwa. Ila simenti inunuliwe yote siku ya kwanza, bei haingoji mtu. Bomba na umeme mwisho, hapo sawa kabisa, hao ni mafundi wa kumalizia.

Shangazi Tatu 12:31
Mimi mlango wangu wa aluminiamu niliuchongesha kabla ya lipu, ukaja haukuingia, mpaka leo uko nyuma ya kabati. Anayeutaka aseme

Sele 13:20
Ndo natoka saiti. Zai mstari wa bomba lazima ukatike vipande viwili. Bomba la choo la inchi 4 linapita chini ya jamvi, sasa ukimwaga zege wiki ya 1 fundi akaja wiki ya 6 atakuja na nyundo. Aje msingi ukishapanda kabla jamvi halijamwagwa, alaze bomba kila mita ishuke kama senti 2 na nusu kuelekea shimoni, azibe mwisho alijaze maji lilale hivyo usiku. Asubuhi maji yakiwa yamepungua kuna jointi inavuja, na ni bora uijue kabla ya zege. Akimaliza anaenda zake mpaka tailizi zikae ndo anarudi kufunga sinki. Umeme hivyohivyo, paipu na boksi zinaingia ukutani kabla ya lipu, swichi baada ya rangi

Mama Nasri 13:22
Kama lile jiko. Na nani alilipa kuvunja ile sakafu mpaka leo sijajibiwa

Mjomba Kombo 13:23
Yule fundi sikumleta mimi peke yangu

Da Zai 13:24
Jamani. Kaka Sele kwahiyo paipu zije kabla ya simenti ya jamvi?

Sele 13:27
Ziwe saiti siku 2 kabla ya fundi. Ikikosekana moja tu ya inchi 4 jamvi halimwagwi, ukuta haupandi, chati yote inasogea. Mlango wa ndani ukichelewa wiki nzima hakuna anayesimama. Mjomba bei ni kweli ila stoo ya bibi inavuja, simenti itashika unyevu iwe mabonge. Tununue mara mbili, ya kufika linta, halafu ya lipu. Na linta muipe siku 7 mnaimwagia maji, kenchi zisipande kesho yake

Abuu 13:30
na pau je

Bibi 14:02
Naandika mimi Nasri bibi anasema. Moja hajambo. Mbili choo chake hakifungwi hata usiku mmoja, haendi kwa jirani kwa umri huu. Tatu ukuta wa chumbani kwake usiguswe mpaka huko nje kuwe na paa na mlango unaofungwa. Na ya jiko yaishe, aliyelipa ni yeye

Da Zai 14:40
Shikamoo bibi. Tumesikia

Mjomba Kombo 14:51
Shikamoo mama.

Sele 15:10
Shikamoo bibi. Basi bomba jipya lifike hadi shimoni kwanza, kuunganisha iwe asubuhi moja, Y na gundi viko mkononi ndo la zamani linakatwa, jioni bibi anatumia. Kuvunja ukuta kunaenda mwisho, ila hapo wiki 6 Zai hazitoshi

Da Zai 15:12
Ngapi sasa?

Da Zai 16:30
Kaka Sele?

Da Zai 19:45
Narekebisha chati. Nani ananunua paipu? Mjomba ulisema mwezi uliopita

Da Zai 21:03
Naona umesoma mjomba

Binamu Rama 23:18
Waaleykum salaam. Tarehe 2 ya mwezi gani?