Kazi ya usiku ya kuvuta stoki: cron, systemd timer, GitHub Actions au Apps Script?

spea_kkoo

Wakuu habari za jioni. Nasimamia upande wa kompyuta kwenye duka la spea za pikipiki hapa Kariakoo, bidhaa kama 1,400 hivi. Programu ya mauzo iko kwenye kompyuta ya Windows pale kaunta na data yake iko MySQL, tovuti ya duka ni WooCommerce, halafu tuna seva ndogo ya kukodi yenye Ubuntu. Ninachotaka, kila usiku saa nane kazi ijiendeshe yenyewe, isome idadi za stoki, irekebishe tovuti, kisha bosi apate imeili fupi ya nini kimebadilika. Skripti nimeandika kwa Python, nikiiendesha kwa mkono inafanya kazi vizuri, kilichobaki ni nani wa kuiamsha. Nalinganisha cron, systemd timer, GitHub Actions na Apps Script. Ya cron nimeshaiandaa ila sijaiwasha:

```
0 8 * * * python3 /opt/stoki/usiku.py
```

Mnashauri ipi?

kijana_wp

Mkuu mbona unazunguka mbali, WordPress yenyewe ina WP-Cron ndani yake, weka kazi yako humo basi, huhitaji seva nyingine wala nini. Mimi wateja wangu wote nawawekea hivyo na haijawahi kusumbua.

fundi_seva

@kijana_wp inafaa kwa vitu vidogo vidogo, lakini WP-Cron huamka pale mtu anapofungua ukurasa. Tovuti ya spea saa nane usiku nani anaifungua? Ikikosa mgeni hadi saa kumi na mbili asubuhi, kazi itaanza saa kumi na mbili asubuhi, tena mgeni wa kwanza ndiye anayeiamsha. Dawa yake ni kuweka `define('DISABLE_WP_CRON', true);` kwenye `wp-config.php` halafu `wp-cron.php` iitwe na cron ya seva, kwa hiyo unarudi kwenye cron ileile.

@spea_kkoo hiyo laini usiiwashe. Namba 8 kwa cron ni saa mbili asubuhi, na seva nyingi za kukodi zinakuja zikiwa kwenye UTC, hivyo kwa Dar ingeanza saa tano asubuhi, duka limejaa wateja. Saa nane usiku ni 02:00, na kwa UTC hiyo ni 23:00 ya siku iliyotangulia. Andika `timedatectl` uone seva yako iko saa ngapi kwanza.

Ila kuna swali linatangulia yote hayo. Usiku kompyuta ya kaunta inakuwa inawaka?

spea_kkoo

Hapana, tunafunga saa moja jioni na swichi kubwa inazimwa.

fundi_seva

Basi njia zote nne zitagonga mlango uliofungwa. GitHub Actions ndio kabisa, mashine zake ziko mbali na hazina njia ya kuingia kwenye MySQL iliyo kaunta hata kama ingekuwa inawaka, na kufungua MySQL kwa intaneti nzima ili ifikike sikushauri hata kidogo.

Mimi ningeikata kazi vipande viwili. Kipande cha kwanza kinabaki dukani, Task Scheduler ya Windows itoe idadi kwenye faili la CSV saa moja kasoro jioni na kulipandisha kwenye seva kwa SFTP. Kwenye mipangilio yake washa ile `Run task as soon as possible after a scheduled start is missed`, ili umeme ukikatika saa hiyo faili litoke kompyuta ikiwashwa tena. Kipande cha pili kiko kwenye seva ambayo haizimwi, usiku inalisoma faili, inarekebisha tovuti, inatuma imeili. Hapo ndio ulinganisho wako unaanza kuwa na maana.

mamaduka_arusha

Jamani mimi nauza vitenge na viatu, nilidhani mnaongelea kutuma imeili kwa wateja nikafurahi 😅 Lakini kwa wenye duka dogo kama langu niwaambie, mimi stoki yangu ipo Google Sheets na Apps Script inanitosha kabisa, haina seva ya kulipia, nimeweka usiku kati ya saa nane na saa tisa, asubuhi nakuta ujumbe wa kilichoisha. Kwa nini kaka asihamie huko tu?

fundi_seva

Dada kwako iko sawa kabisa, kwa sababu data yenyewe iko kwenye Sheets. Kwake iko MySQL, angelazimika kuihamisha kila siku, na Apps Script inakata kazi moja ikifika dakika 6. Akiwa anasukuma bidhaa moja moja kwa tovuti iliyo polepole, 1,400 haziishi ndani ya dakika hizo, ikatwe katikati nusu ya bidhaa ziwe mpya nusu za jana.

nyuzi254

Mimi niko Mombasa, tulikuwa na GitHub Actions kwa kazi inayofanana na hii. Nzuri kwa sababu unaona kila mzunguko na logi yake kwenye browsa, na kwa kazi ya dakika chache kwa usiku ule muda wa bure unatosha. Lakini ratiba yake ni UTC kama hujaitaja saa nyingine, na haiahidi dakika, hasa ukiweka saa kamili kama 23:00 unakuta imechelewa kwa sababu watu wengi wameweka hapo hapo, bora 23:17. Halafu kitu kingine, ripo ya wazi ikikaa siku 60 bila shughuli, ratiba inazimwa yenyewe. Kazi ikizimwa hivyo haikosei, inanyamaza tu, na ni rahisi usigundue.

spea_kkoo

Sawa nimeelewa, nabaki kwenye seva. Kati ya cron na systemd timer kuna tofauti gani ya maana au ni mapenzi ya mtu tu?

fundi_seva

Kwa kazi hii kuna tofauti. Cron ikikuta seva imezimika saa yake, zamu hiyo imepita, inasubiri kesho. Timer ukiiwekea `Persistent=true` inaiendesha seva ikiamka. Saa za eneo unaziandika palepale kwenye ratiba, kwa hiyo hesabu za UTC unazisahau. Na kazi ikiwa bado inaendelea, timer haianzishi nyingine juu yake, wakati kwa cron lazima ujiwekee `flock` mwenyewe.

```
[Timer]
OnCalendar=*-*-* 02:10:00 Africa/Dar_es_Salaam
Persistent=true

[Install]
WantedBy=timers.target
```

Kabla ya kuiwasha pima kwa `systemd-analyze calendar "*-*-* 02:10:00 Africa/Dar_es_Salaam"`, itakuonyesha zamu inayofuata ni lini. Ikishawaka, `systemctl list-timers` inakupa ya mwisho na ijayo.

Ila usingizi wangu ungepotea kwa jambo jingine, siyo kwa ratiba. Faili likija nusu, au tupu kwa sababu MySQL iligoma jioni, skripti yako itaona bidhaa hazipo na kuandika 0 kwenye tovuti nzima, ratiba imefanya kazi vizuri sana lakini asubuhi duka la mtandaoni halina kitu cha kuuza. Kwa hiyo faili lipande kwa jina la muda, likimaliza ndio libadilishwe jina. Na skripti ikatae kuendelea kama faili ni la zamani kuliko jioni iliyotoka kupita, au kama mistari imepungua ghafla, mfano jana 1,400 leo 900. Ikikataa isiguse chochote kwenye tovuti, itume imeili ya kusema imekataa na kwa nini.

kijana_wp

Hapo kwenye kusukuma nina la kuongeza, WooCommerce inapokea kwa mafungu kupitia `/wp-json/wc/v3/products/batch`, mwisho vitu 100 kwa fungu moja kama hujabadilisha. Usitume zote 1,400 kila usiku, linganisha na nakala ya jana utume zilizobadilika tu, zikiwa 63 ni ombi moja limeisha.

fundi_seva

Hili ni zuri, na huo ulinganisho ndio imeili yenyewe, huandiki mara mbili. Ila nakala ya jana ibadilishwe baada ya tovuti kujibu kuwa kila bidhaa imepokelewa, siyo kabla, na usome jibu la kila moja, kwa sababu fungu linaweza kukubaliwa huku bidhaa moja ndani yake imekataliwa. Ukibadilisha kabla, iliyokataliwa kesho itaonekana haijabadilika, na itabaki na namba ya uongo hadi iuzwe tena dukani.

Imeili iwe fupi kiasi cha kusomwa kwenye simu bila kufungua kiambatisho:

```
Stoki: 63 zimebadilika, faili la 18:52
Zimeisha: cheni na sproketi Boxer, taa ya mbele TVS
Zimerudi: betri 12V 5Ah
Zilizokataliwa na tovuti: 1 (SKU 0417)
```

Na itume hata siku ambayo hakuna kilichobadilika, iseme hakuna. Bosi akiamka asione imeili, ajue kazi haikufanyika.

nyuzi254

Hapo mimi sikubaliani sana, imeili ya kila siku isiyo na kitu watu wanaacha kuisoma, siku ikikosekana hakuna anayegundua. Sisi skripti ikimaliza salama inagonga anwani moja ya kwenye healthchecks.io, isipogonga kwa muda uliopangwa wao ndio wanatutumia taarifa. Imeili ya bosi inakwenda siku zenye mabadiliko tu.

fundi_seva

Hoja yako ina uzito. Inategemea bosi ni mtu wa aina gani.

spea_kkoo

Bosi anasoma kila kitu hahaha, hiyo haina shida. Sasa kuna hili naliwaza tangu nimeanza kuwasoma. Juzi jioni baada ya kufunga, mteja kanunua seti 2 za cheni kupitia tovuti. Dukani zilikuwa 7, tovuti ikashuka 5. Programu ya kaunta haijui mauzo ya mtandaoni mpaka kijana ayaingize asubuhi. Hii kazi ya usiku si itaandika 7 tena?

nyuzi254

Kama namba ya kaunta imebadilika siku hiyo itaandika 7, na ukiuza zote 7 utakuwa umewaahidi watu seti 2 ambazo huna. Kabla ya kusukuma skripti ivute oda za tovuti zenye hali ya `processing` na `on-hold`, itoe zile ambazo hazijaingizwa kaunta, 7 toa 2, iandike 5.

fundi_seva

Sawa, lakini itajuaje ipi imeshaingizwa? Oda inaweza kubaki `processing` siku mbili ikisubiri bodaboda wakati kaunta ilishaitoa, ukiitoa tena tovuti inaonyesha 3 badala ya 5. Lazima namba ya oda ya tovuti iandikwe kwenye risiti ya kaunta, na faili la jioni liibebe. @spea_kkoo programu yenu ina sehemu ya kuweka maelezo kwenye risiti?

spea_kkoo

Ina sehemu ya maelezo ila vijana huwa hawaijazi. Kesho naongea nao, na naangalia kama naweza kuifanya iwe lazima kwa mauzo ya mtandaoni kabla sijawasha timer.

mamaduka_arusha

Kaka hata mimi hili linanihusu, oda zangu za Instagram haziingii kwenye Sheets mpaka nikae usiku. Ukipata namna tuambie.