Muuzaji amenipa tretinoini na asidi ya glaikoliki nipake usiku uleule, uso umeungua

Wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira. Katika duka moja la vipodozi hapa Ngamiani, Tanga, ambalo silitaji jina, niliuziwa krimu ya tretinoini ya asilimia 0.05 na tona ya asidi ya glaikoliki ya asilimia 10, na muuzaji akaandika kwa kalamu juu ya boksi: “Tona, kisha krimu, kila usiku.” Usiku wa nne hata maji ya bomba yaliniwasha kama pilipili, pembeni mwa pua na mdomo ngozi iling'aa kama nailoni, ikachubuka, na palipochubuka pamebaki mabaka meusi kuliko chunusi nilizokuwa nazitibu. Niliporudi kulalamika niliambiwa eti dawa inatoa uchafu, niendelee.

Huo si uchafu. Tretinoini katika wiki za mwanzo hudhoofisha tabaka la juu la ngozi, lile linalohifadhi maji ndani na kuzuia vikali visiingie, na asidi nayo hulegeza kinachoshikanisha seli za tabaka hilo hilo, kwa hiyo kila kimoja humfungulia mwenzake mlango. Chunusi za mwanzo wa matibabu huota pale zilipozoea kuota. Kuwaka moto na kung'aa kwenye pembe za mdomo ni kuungua.

Wa Makorora: Pole dada, ila hatari kubwa ni ile dawa nyingine ya chunusi, benzoili peroksaidi. Dawa za jamii ya tretinoini zote huuawa nayo.

Wa Pangani: Mimi natumia liwa na maji ya waridi tu. Na vyenyewe visichanganywe?

Mfamasia, Chumbageni: Liwa haihusiki hapa, bibie. Ndugu wa Makorora amepatia nusu: benzoili peroksaidi huweza kuiharibu tretinoini ya kawaida ikakosa nguvu, ndiyo maana tunashauri moja asubuhi na nyingine usiku, lakini adapalini, ndugu yake tretinoini, haiharibiwi, nayo na benzoili peroksaidi huuzwa katika tyubu moja. Wewe dada, simamisha vyote viwili. Osha kwa sabuni laini, paka vaselini kidogo ngozi ikiwa na unyevu, na asubuhi paka kinga ya jua, mpaka losheni ya kawaida isiwashe kabisa. Mara nyingi ni wiki 2 hadi 4. Ndipo urudie krimu peke yake, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku 2 kwa wiki, uso ukiwa mkavu. Asidi isubiri miezi, tena kwa usiku wake. Ukiwa mjamzito, tretinoini usiiguse.

Wa Makorora: Mbona dada yangu huvipaka pamoja na hana tatizo?

Mfamasia, Chumbageni: Wapo waliozoea kwa miaka. Nani atazoea siku ya kwanza, nami sijui, na muuzaji wake hakujua.

Mwanzisha uzi: Ahsante. Boksi lenye mwandiko wake ninalo, na kesho naenda nalo dukani kudai pesa yangu.