Miwani mpya inaua mwanga wa barabara, lakini ramani kwenye simu inakuwa giza

Dereva_Mbagala: Wakuu, naendesha taksi ya mtandaoni hapa Dar. Nimenunua miwani ya polaraizdi. Mvua ikikatika na jua likatoka, lami iliyolowa hainichomi macho tena. Shida ni simu niliyoisimamisha kwenye dashibodi: ramani siioni, kioo cheusi tii. Nikivua miwani, iko sawa. Nimeuziwa feki?

Mzee_wa_Kona: Ongeza mwangaza wa simu mpaka mwisho. Au kioo kinakufa, mpelekee fundi.

Dereva_Mbagala: Uko mwisho tayari, mzee wangu. Na simu ya abiria niliiona vizuri kabisa.

Shua_77: Hiyo miwani ni nyeusi mno, ndiyo maana. Chukua ya kahawia.

Fundi_Lenzi: Shua, weusi unapunguza mwanga wote kwa pamoja, usingechagua simu moja na kuacha nyingine. Mwanga wa jua unatetemeka kila upande. Ukigonga maji au lami iliyolowa kwa mshazari, unaorudi machoni mwingi unatetemeka kwa ulalo. Lenzi yako ina kichujio kinachozuia ulalo na kupitisha wima. Sasa, simu nyingi nazo zina kichujio juu ya kioo, kwa hiyo mwanga wake unatoka ukitetemeka upande mmoja tu. Upande huo ukiwa ule unaozuiwa na miwani, unaona giza. Igeuze simu ilale, utaniambia. Kuna zinazofifia zikiwa mshazari tu, na kuna zilizowekewa utando wa ziada ili zisomeke vyovyote utakavyozishika. Ya abiria huenda ni ya aina hiyo.

Mvuvi_Ukerewe: Mimi huvaa ziwani. Saa tatu kasoro asubuhi naona mpaka mawe ya chini pale kwenye maji haba. Saa sita jua la utosini sioni tofauti kubwa na miwani ya kawaida. Imechoka?

Fundi_Lenzi: Haijachoka, ndugu. Kwenye maji inafanya kazi zaidi jua likiwa kama nyuzi 37 juu ya upeo, si mbali na hiyo saa tatu kasoro yako. Likiwa utosini, mwanga unaorudi haujachujika upande mmoja, lenzi haina cha kukamata. Kwa anayeogopa feki: tazama maji yanayometa, kisha laza kichwa mpaka sikio liguse bega. Mmeto ukirudi, miwani ni ya kweli.

Dereva_Mbagala: Nimeilaza simu, ramani hiyoo! Nimelaza na kichwa pale kwenye dimbwi la sheli, mmeto ukarudi, wahudumu wakabaki wananishangaa. Ila bamba la kromu la lori lililokuwa mbele bado lilinichoma.

Fundi_Lenzi: Chuma kitupu hakichuji mwanga kama maji. Hapo utavumilia.

Dereva_Mbagala: Sawa. Na saa ya dashibodi, nayo giza, hiyo naigeuzaje?

Shua_77: Bado nasema kahawia.