Laptopu: nimefupisha mazungumzo yetu marefu, nichague ipi?

BintiKalamu: Wadau, nimepitia yote mliyoniambia nikayabana hivi. ThinkPad T480 ya mtumba: RAM na betri zinabadilishika. T470: ni ileile, rahisi zaidi. MacBook Air M1 ya GB 8: chaji inakaa sana, haina feni, na GB 8 zinatosha. Kesho kutwa nanunua, nichukue ipi?

FundiBodi: Umebana mpaka masharti yamedondoka dada. Aliyesema GB 8 zinatosha alisema yeye anaandika tu. Wewe kazi yako ipi? Ile M1 RAM imo humohumo kwenye chipu, ukinunua 8 utakufa nayo 8. Halafu T470 sio ileile, prosesa zake ni kizazi cha 6 na 7, Windows 11 haizikubali rasmi, na Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025.

Kichwa_Maji: Ndo maana nasema T480 yoyote chukua, zote kizazi cha 8.

FundiBodi: Nyingi, sio zote. Zipo zenye i5-7300U, hizo ziache. Soma jina kamili la prosesa, ukikuta i5-8250U au i5-8350U uko sawa.

MamaJunia: Mimi T480 ilinitesa jamani. Muuzaji kaniapia betri mpya, nikafurahi, kufika nyumbani, baada ya saa moja na nusu tu imezima, nikarudi akasema nafungua vitu vingi, wiki nzima nabishana nae mpaka mdogo wangu akaandika hii:

```
powercfg /batteryreport
```

Kumbe ile laptopu ina betri mbili, moja ndani moja nyuma! Mpya ilikuwa ya nyuma tu. Ya ndani DESIGN CAPACITY kama 24,000 mWh, FULL CHARGE CAPACITY 6,100. Robo tu imebaki. Linganisheni hizo namba mbili kwa kila betri kabla hamjatoa hela.

Mzee_Kibodi: Kibodi ya ThinkPad haina mpinzani, mengine kelele.

Kichwa_Maji: Mzee kibodi haihariri video 😂

BintiKalamu: Samahani sikusema, natafsiri hati, ila kila mwisho wa mwezi nahariri video za dakika kumi hivi.

FundiBodi: Sasa hilo ndo lilipaswa kukaa juu kabisa! Basi ule mstari wa GB 8 ufute. T480 ina nafasi mbili za RAM, ongeza ifike 16. Ila kwenye video yenyewe M1 itaiacha mbali, tafuta ya GB 16.

Kichwa_Maji: Hata ya 8 inahariri bwana, mimi nakata zangu za 1080p kila wiki.

FundiBodi: Na kivinjari kikiwa na tabu thelathini za tafsiri?

BintiKalamu: Tabu ndo ugonjwa wangu... M1 ya 16 niliyoiona betri yake imeandikwa Service Recommended, hiyo vipi?