Naomba ushauri: tuikate bajeti ya video au tuiache?

Wakuu, habari zenu. Wateja wetu wengi huona tangazo la video kwanza, siku chache baadaye wanabofya tangazo la bidhaa kwenye utafutaji, mwisho wanaandika jina letu na kununua. Kwenye ripoti ya matangazo, nikitumia Last click, yaani hesabu inayolipa tangazo la mwisho kubofywa sifa zote, mauzo yote yanahesabiwa kwa utafutaji wa jina. Video inasoma 0. Nikiweka Data-driven, mfumo unalinganisha njia za walionunua na wasionunua, na video inapata mgao, tuseme 0.3. Mauzo ni yaleyale.

Bosi anataka video ikatwe. Nahofia hata wanaotafuta jina letu watapungua. Ila Data-driven nayo haithibitishi kwamba bila video wasingenunua. Je, niisimamishe kwenye baadhi ya mikoa tu, nilinganishe? Kwa muda gani, ikiwa mteja huchukua wiki mbili kuamua?