Mrejesho: Ujumbe wa shukrani kwa ustadha wangu

Niliuliza: "Kozi ya Kiarabu inaisha Alhamisi, nataka kumwandikia mwalimu wangu wa kike mistari michache ya shukrani. Nikiandika *shukran laka* nitakuwa nimekosea?"

Wakuu, nimerudi. Mlinishika sikio kwamba *laka* ni ya mwanamume, nikaigeuza *laki*. Kuitamka nilipatia, kuiandika nikaharibu. Kwa kuwa mwishoni inasikika "i", niliweka lamu, kafu, halafu yee. Ustadha akasoma, akacheka: "Mwanangu, hapa umeandika *likai*." Yaani "ili". Shukrani ili... ili nini sasa! Akaikata ile yee kwa kalamu nyekundu, akachora kasra ndogo chini ya kafu. Irabu ni fupi, haina haki ya herufi.

Kumbe hata *ashkuruka* na *ashkuruki*, yote "nakushukuru", huandikwa sawasawa usipotia irabu. Kilichoniokoa ni neno la kwanza kabisa, *ustadhati*, "ustadha wangu". Te ya kike pale inaonekana wazi, na msomaji anajua tangu mwanzo anaongea na nani. (Ni te ya kawaida, si ile ya mviringo, ikishikana na "yangu" hufunguka.)

Aliyeniambia *jazakallahu khairan* inafaa kwa wote, samahani ndugu yangu, niliandika *jazakillahu*. Chini nikamalizia *talibuki*, "mwanafunzi wako", na jina langu.

Karatasi kaikunja, kaitia ndani ya kitabu chake cha sarufi, na wino mwekundu vilevile.